Ukungu wa Mufindi: mwongozo wa kuandika prompti ya picha ya kutisha inayofaa kwa familia nzima

Ukiiambia programu ya kuchora picha kwa prompti, yaani maelezo unayoiandikia, ikupe "usiku wa kutisha kijijini", utapata karibu vitu vilevile kila mara: mwezi mkubwa kupita kiasi, mti mkavu usio na jani, nyumba ambayo haifanani na yoyote ya kwetu, na uso wenye macho mekundu unaokukodolea. Ukiongeza neno la kutisha zaidi, damu inaanza kuonekana. Picha ya namna hiyo huwezi kuibandika kwenye bango la usiku wa hadithi wala kuiweka kwenye kitabu ambacho mtoto wa miaka sita atakifungua akiwa na bibi yake.

Kinachosababisha hayo ni namna programu zilivyofunzwa. Zimeona mamilioni ya picha pamoja na maelezo yake, na maneno kama "kutisha", "mzimu" au "jinamizi" yamekaa jirani na picha za filamu za damu na za sherehe za vinyago vya Ulaya na Marekani. Ukitaja hisia, programu inakuletea bohari nzima ya picha zilizowahi kuandikiwa neno hilo. Ukitaja vitu vinavyozaa hisia hiyo, yaani maji yaliyotanda hewani, taa moja, umbali, na kitu kimoja kilichokaa pasipo pake, inachora hivyo ulivyotaja na woga unakuja wenyewe. Mwongozo huu unafuata njia hiyo ya pili, na nitaitumia picha moja tu kutoka mwanzo hadi mwisho: watoto wawili wanarudi nyumbani jioni katikati ya mashamba ya chai ya Mufindi, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, ukungu umeshuka, na kuna mwanga msituni ambao haupaswi kuwepo.

Kwanza ujue ukungu wenyewe

Nimechagua Mufindi kwa sababu maumbile yake yamekwishafanya nusu ya kazi. Upepo wenye unyevu unapanda kutoka mabonde ya upande wa Kilombero, unagonga ukingo wa nyanda za juu, unapoa, na unyevu wake unageuka ukungu unaomwagika juu ya mashamba. Miezi ya Juni hadi Agosti, wakati mvua kubwa zimeisha, ukungu na manyunyu bado vinakuja jioni na asubuhi. Chai nayo imekatwa juu ikawa sawasawa, kimo cha kiuno hivi, kwa hiyo ukungu unalala juu yake kama shuka. Pembeni kuna vipande vya msitu wa asili na mistari ya mikaratusi mirefu. Una uwanja ulio tambarare, una ukuta mweusi wa miti nyuma yake, na kati ya hivyo viwili kuna weupe. Tukuyu kwenye migomba panafaa pia, na Kitulo kwenye majani ya wazi, lakini huko itabidi utafute mwenyewe kitu cha kusimama nyuma ya ukungu.

Jambo ambalo mtu akilishika prompti yake inabadilika ni kwamba ukungu una tabaka. Kilicho hatua tatu kutoka kwako ni cheusi na kina kingo kali, unaona hata matone kwenye majani ya chai. Kilicho hatua thelathini ni kijivu, unaona umbo bila maelezo: hapo ni mtu, lakini amevaa nini hujui. Kilicho mbali zaidi kinakaribiana rangi na anga hadi huna hakika kama umekiona. Woga wa kifamilia unakaa kwenye tabaka hilo la tatu. Ukiandika "ukungu mwingi" tu, programu mara nyingi inapaka weupe sawasawa juu ya picha nzima, na unapata picha iliyofifia badala ya picha yenye siri. Kwa hiyo andika kitu kwa kila tabaka: mbele vichaka vya chai vilivyolowa, katikati njia na watoto, nyuma ukingo wa msitu unaopotelea kwenye ukungu. Ukitaja vitu vitatu kwa umbali tofauti, programu inalazimika kuupa ukungu kina.

Taa ikae wapi

Hapa ndipo picha nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mwanga ukitoka upande wa mtazamaji, yaani kama umesimama na tochi unamulika mbele, ukungu unageuka ukuta mweupe na kila kitu kilicho karibu kinaonekana hadi vifungo vya sweta. Hakuna siri. Mwanga ukitoka nyuma ya vitu, ukungu unawaka kwa ndani, vitu vinakuwa maumbo meusi, na vivuli vinakuja upande wako. Dereva yeyote aliyepita Isyonje au Makambako alfajiri anaijua tofauti hiyo: taa za gari linalokuja zinakuonyesha umbo la mtu aliye kati yenu muda mrefu kabla taa zako hazijakuonyesha uso wake. Kwenye prompti maneno ya kutumia ni "mwanga unaotoka nyuma ya ukungu", na kwa Kiingereza cha programu ni `backlit fog`. Maneno hayo mawili yana kazi kubwa kuliko sentensi nzima ya vivumishi.

Halafu chagua saa. Usiandike usiku wa manane. Neno usiku linaleta mwezi mkubwa na bluu ya sinema, na tena programu za Stable Diffusion za matoleo ya zamani zina tabia ya kuvuta mwangaza wa picha kuelekea wastani, zikisumbuka kutoa giza totoro. Ukizilazimisha, unapata kijivu chenye madoa. Saa moja kasoro robo jioni, jua likishazama lakini anga bado lina weupe, ndiyo saa ambayo programu inaimudu na ambayo mtoto naye anaijua: ni saa ya kuitwa nyumbani.

Sasa taa ya mkononi. Ukiandika "taa" bila maelezo utapewa taa ya kifalme yenye nakshi, au boga lililochongwa macho. Sema chemli: taa ya mafuta yenye kioo na mshikio wa waya, `hurricane lantern`. Na sema inashikwa chini, usawa wa goti. Mtoto akibeba chemli usawa wa goti, mwanga unapiga miguu yake kwa karibu na vivuli vya miguu hiyo vinarefuka mno juu ya vichaka, vinapishana kila anapopiga hatua. Ni kitu cha kweli kabisa, kila aliyetembea na chemli usiku amekiona, na kinatisha bila kumdhuru mtu. Kivuli kinahitaji vitu vitatu ili kichoreke: taa, kitu kinachoizuia, na mahali pa kuangukia. Prompti inayosema "vivuli vya ajabu" bila hivyo vitatu inaleta michirizi myeusi isiyotoka popote, na jicho la mtazamaji linaitambua haraka kuwa ni uongo hata kama hawezi kusema kwa nini.

Kitu kimoja pasipo pake

Sasa dalili. Hapa ndipo mtu hujaribu kuweka mzimu, fisi mwenye macho ya moto na mkono unaotoka ardhini, vyote kwenye picha moja. Weka kimoja, na kiwe kitu ambacho kikiwa mahali pengine kisingemtisha mtu. Koti la mvua la mchuma chai ni kitu cha kawaida. Likiwa limesimama katikati ya shamba jioni bila mtu, ni swali. Mlango uliofungwa si kitu. Mlango ulio wazi kidogo kwenye nyumba yenye kufuli nje ni swali.

Kwa picha yetu nimechagua mwanga hafifu ulio ndani ya msitu, juu, usawa wa matawi, mahali ambapo mtu hawezi kuwa ameshika taa. Ni chaguo la makusudi kwa sababu ya mipaka ya programu. Programu hizi ni dhaifu kwa hesabu na kwa habari ndogondogo: ukitaka nguzo tatu zenye vivuli vinne, au nyayo zinazokatika katikati ya njia, utachoka kabla hujazipata. Mwanga uliofifia ndani ya ukungu ni doa tu, na doa inaliweza. Pia halina uso. Mtazamaji mkubwa ataona roho, mtoto ataona kimulimuli kikubwa, na bibi atakumbuka habari ya nyumbani kwao. Kila mmoja anajitengenezea kipimo cha woga anachokiweza, na hiyo ndiyo faida kubwa ya kudokeza kuliko kuonyesha.

Mtoto anayetazama awe salama

Kutokuwa na damu hakutoshi. Kuna picha isiyo na tone la damu inayomnyima mtoto usingizi wiki nzima. Ninaangalia mambo matatu.

La kwanza ni njia ya kurudi. Kitu cha ajabu kisikae kati ya watoto na nyumba. Kwenye picha yetu nyumba iko kushoto, dirisha lina mwanga wa rangi ya moto, njia inaelekea huko. Msitu na mwanga wake viko kulia na mbali. Mtoto anayetazama anaona kwanza jambo la ajabu kisha anaona pa kukimbilia. Ukivigeuza, nyumba ikawa nyuma ya mwanga ule, picha ileile inakuwa mtego.

La pili ni macho. Kitu kinachomtazama mtazamaji moja kwa moja kinamfuata hadi kitandani. Watoto wetu wachorwe kwa nyuma, na gizani pasiwe na macho. Kuchorwa kwa nyuma kuna faida nyingine ya kiufundi: nyuso ndogo ndizo programu huharibu kwanza, na uso ulioharibika kidogo, jicho moja juu ya jingine, unatisha kwa namna ambayo hukuikusudia.

La tatu ni wawe wawili. Dada na mdogo wake, wameshikana mikono au mmoja ametangulia na chemli. Mtoto mmoja peke yake kwenye ukungu ni habari ya mtoto aliyepotea. Wawili ni habari ya mkasa watakaofika nyumbani kuusimulia mezani.

Kuna jambo la kwetu ambalo halimo kwenye miongozo ya watu wa mbali, nami nalisema kwa uzito. Usimfanye bikizee mwenye macho mekundu kuwa ndiye kitisho. Nchini mwetu wazee, hasa wanawake, wamewahi kuuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu ambayo watu waliyataja kama ushahidi yalitokana na moshi wa kuni. Wala usichore mtoto anayebebwa na mtu asiyejulikana. Mwanzoni mwa 2019 mauaji ya watoto yaliutikisa mkoa wa Njombe, na wazazi wa huko hawataiona picha hiyo kama mchezo. Watu wenye ualbino pia wasitumiwe kabisa kama sura ya mzimu, kwa sababu woga huo umeshagharimu maisha. Ukungu na mwanga vinatosha, na havimwelekezei kidole mtu yeyote.

Kuiandika

Programu za mazungumzo kama ChatGPT na Gemini zinapokea Kiswahili, na mara nyingi unaweza kuzieleza kama unavyomweleza mchoraji: "Nichoree picha ya kitabu cha watoto. Ni jioni kwenye shamba la chai Mufindi, ukungu umetanda, mwanga wa anga unatoka nyuma ya ukungu…" na kuendelea. Midjourney na Stable Diffusion zinaelewa Kiingereza vizuri zaidi kwa kuwa maelezo ya picha zilizozifunza mengi yalikuwa ya Kiingereza. Kwa hizo, fikiri kwa Kiswahili, panga tabaka zako, kisha andika vipande vifupi hivi:

```
children's book illustration, foggy tea field at dusk,
flat tea bushes, red earth path, two children in sweaters
from behind, one with a hurricane lantern held low,
brick house with iron sheet roof, lit window, at left,
forest edge fading into fog, pale glow high in the trees,
backlit fog, long shadows, muted blue-grey
```

Angalia mpangilio. Aina ya mchoro imekaa mwanzoni, kwa sababu inaamua ukali wa kila kitu kinachofuata: kitabu cha watoto kinalainisha kingo na nyuso hata mahali ambapo hukusema. Kisha mahali na saa, kisha tabaka kutoka karibu hadi mbali, kisha mwanga na rangi. Urefu nao una maana. Stable Diffusion ya toleo la 1.5 na SDXL inasoma vipande vya maneno 75 hivi kwa mkupuo, na programu nyingine zinakata kinachozidi bila kukuambia. Prompti hii inaenea humo. Ukiongeza sentensi tatu za ushairi kuhusu ukimya wa mlima, huenda `backlit fog` ndiyo itakayokatwa.

Nyumba imeelezwa kwa tofali na bati kwa sababu ukisema "kijiji cha Afrika" unaletewa nyumba za msonge kwenye mbuga kavu, miti ya miiba na jua la chungwa. Masweta yametajwa kwa sababu hiyohiyo: Mufindi ya Julai ni baridi, na mtoto aliyevaa kaptula kifua wazi si mtoto wa Mufindi.

Neno "hapana" linahitaji uangalifu wake. Ukiandika ndani ya prompti kwamba hakuna damu, programu inaliona neno damu na uwezekano wa kuichora unapanda. Yasiyotakiwa yana sehemu yake. Kwenye Stable Diffusion ni kisanduku kinachoitwa `Negative prompt`:

```
blood, skull, weapon, monster, eyes in the dark, pumpkin,
full moon, gothic house, terraced hills, conical hat
```

Kwenye Midjourney unaweka mwishoni mwa prompti hivi, `--ar 3:2` ikiwa ni uwiano wa upana kwa kimo cha picha:

```
--no blood, skull, weapon, eyes, full moon --ar 3:2
```

Maneno mawili ya mwisho kwenye kisanduku cha kwanza si ya kutisha. Yamo kwa sababu "shamba la chai" linaivuta programu kwenda Asia, milima ya ngazi na kofia zenye ncha, na bila kuyazuia utapata picha nzuri ya nchi nyingine. Kwenye programu za mazungumzo ambazo hazina sehemu ya kukataza, sema kilichopo badala ya kisichokuwepo: usiseme "bila mwezi", sema "anga lote limefunikwa na ukungu wa kijivu".

Picha za kwanza zikitoka

Toa picha nne au zaidi kwa mara moja, kisha usitafute nzuri kwanza. Tafuta ile yenye mpangilio sahihi: nyumba kushoto, msitu kulia, njia inayoelekea nyumbani. Umbo kubwa la picha huamuliwa mapema wakati programu inachora, na maelezo madogo yanafuata. Kwa hiyo mpangilio mbaya hausahihishwi kwa kuongeza maneno ya maelezo, lakini kofia au sweta vinarekebishika baadaye. Ukiipata, shika namba yake ya `Seed`, yaani namba ambayo programu ilianzia kuchora. Kwenye Stable Diffusion, seed ileile na prompti ileile na mipangilio ileile zinarudisha picha ileile, hivyo ukibadilisha neno moja unajua ni neno hilo lililofanya kazi. Midjourney nayo ina `--seed`, ingawa inafanana tu kwa karibu. Badilisha kitu kimoja kwa mara. Anayebadilisha vitano kwa pamoja hatajua kipi kilimsaidia.

Kwa picha hii, makosa yatakayokuja karibu yanajulikana.

Taa zitazaana. Umetaja chemli, dirisha na mwanga wa msituni, na programu itapanga taa kando ya njia nzima kama barabara ya mjini, ikakufanyia shamba la sherehe. Siri imekufa hapo, kwa sababu mwanga wa ajabu hauna tena upweke wake. Tenganisha rangi: chemli na dirisha viwe na joto, `warm`, na mwanga wa msituni uwe mweupe uliopauka, `pale`. Ikiendelea, toa kabisa mwanga wa msituni kwenye prompti, pata picha nzuri yenye msitu mtupu, kisha uuongeze peke yake. Kwenye Stable Diffusion tumia `Inpaint`: paka sehemu ndogo kati ya matawi, andika `pale glow in fog`, weka `Denoising strength` kati ya 0.5 na 0.7. Ikiwa chini ya hapo haibadiliki sana, ikiwa juu sana inachora kitu kipya kisichoungana na miti yake. Hata programu ya kuhariri picha kwenye simu inatosha: brashi laini, rangi nyeupe iliyofifishwa, mguso mmoja. Acha kingo zake ziyeyuke, kwa kuwa taa ya mbali ndani ya ukungu haina ncha, ina duara linalofifia.

Ukungu utapotea. Utaona miti ya nyuma ina majani moja moja. Mara nyingi sababu ni `CFG Scale`, kipimo cha jinsi programu inavyoishikilia prompti yako, iliyopandishwa sana. Inaongeza ukali wa weusi na weupe, na ukungu ni upole wa weusi na weupe. Ishushe hadi 5 au 6. Kama bado, ongezea kitu cha mbali cha kupimia, kwa mfano mstari wa mikaratusi unaofifia mmoja baada ya mwingine.

Pia unaweza kupata sura msituni ambayo hukuiomba. Programu zimezoea kuona nyuso na zinapenda kuzitengeneza kwenye magome na matawi. Ikuze picha, upite kona moja baada ya nyingine, hasa kati ya matawi yenye mwanga na kwenye dirisha la nyumba. Macho mawili yaliyotokea kwa bahati kwenye gome, wewe huyaoni kwa kuwa unaangalia nyumba, lakini mtoto anayeona kitu kidogo kwanza ataanzia hapohapo. Yafute kwa `Inpaint`, au ufunike kwa ukungu.

Ionyeshe, kisha uitoe

Kabla ya kuitumia, ionyeshe kwenye simu kwa watu wawili wa umri tofauti, bila kuwaeleza, na uulize swali moja: "Unaona nini?" Usiulize kama inatisha, kwa sababu mtoto atakuambia haogopi hata akiwa ameshika kanga ya mama yake. Unachotafuta ni sentensi. Akisema "wanaenda nyumbani, lakini kule kuna taa ya nani?", picha imefanya kazi. Akisema "kuna lijitu", kuna uso umekupita. Akinyamaza akageuza macho, punguza: sogeza mwanga wa msituni mbali zaidi, kuza dirisha la nyumba, waweke watoto karibu na mlango. Mtu mzima asipoona kabisa ule mwanga, uko hafifu mno, upandishe kidogo. Maandishi ya bango yasaidie bila kumaliza siri. "Nani anachuma chai saa hizi?" yanatosha, na hayamtaji mzimu.

Kwenye kuchapa, peleka kwanza nakala moja. Picha ya ukungu ina vijivu vingi vinavyokaribiana, na mashine za steshenari nyingi huvigandamiza: giza la chini linakuwa bonge jeusi na watoto wanapotea humo. Pandisha mwangaza wa sehemu nyeusi kabla ya kutuma, hadi kwenye skrini ionekane imepauka kidogo kuliko unavyopenda. Kama bango litatolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe, ujue kwamba tofauti ya joto na ubaridi wa taa uliyoihangaikia haitakuwepo. Itabidi dirisha la nyumba liwe na mwangaza wazi kuliko mwanga wa msituni, vinginevyo vyote viwili vitafanana na mtoto hatajua nyumbani ni wapi.

Na kwenye WhatsApp, picha ikitumwa kama picha inabanwa, na anga la ukungu linagawanyika mistari mistari kama ngazi. Itume kama `Document`, au ongeza chembechembe kidogo za mchanga wa picha, `grain`, kwenye programu ya kuhariri kabla ya kuituma. Chembe hizo zinavunja mistari, na kwenye ukungu zinaonekana kama manyunyu.